Bodero Isiyotaja Semesta

Siku moja kabla ya mitihani, jina la mwenzetu halikuwemo kwenye orodha ya waliolipa semesta ya pili, ingawa bodero ya benki tulikuwa nayo mkononi. Tuliingia ofisini kwa maneno makali. Karani hakubishana, alifungua fishi yake. Semesta ya kwanza ilikuwa na dola 150 za ziada, kwani bodero ilitaja minervali tu, bila semesta. Alilinganisha nambari yake na taarifa ya benki, vikapatana. Hakufuta kitu: aliandika mstari wa kuzitoa semesta ya kwanza, na mwingine wa kuziingiza ya pili, akatia sahihi. Mwenzetu alifanya mtihani. Nasi tulirudi kumwomba karani radhi.