Tairi Huliwa Linapokokotwa

Nilianza kazi ya malori nikiwa utingo katika njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, baadaye nikashika usukani, na miaka yangu ya mwisho kazini nilisimamia matairi ya malori ya kampuni moja ya usafirishaji. Katika hatua zote tatu nilijifunza jambo moja. Tairi linalobingirika bila kusumbuliwa huisha polepole sana; linalokokotwa juu ya barabara ndilo linaloliwa. Breki kali hulikokota mbele, kona ya kasi hulikokota ubavuni, na gurudumu linalozunguka bila kushika ardhi hujisaga palepale. Mzigo na barabara dereva hapangi, lakini hayo mengine mengi yako mikononi na miguuni mwake.

Aliyenifungua macho alikuwa mzee mmoja wa Njombe niliyekuwa utingo wake. Tukirudi Dar na shehena ya shaba, alisimama kabla ya mteremko wa Kitonga, akaniamuru nizunguke matairi yote 22 ya kichwa na tela, kisha akachagua gia nzito papo hapo juu. “Mwanangu,” aliniambia, “gia ya kushukia mlima huchaguliwa kileleni. Ukifika katikati, umechelewa.” Alishuka kwa gia hiyo na breki ya ekzosi, ile inayoziba moshi ili injini yenyewe izuie gari. Mwendo ulipozidi alikanyaga breki ya mguu sawasawa kwa muda mfupi, lori likapungua, akaachia kabisa.

Madereva wengine walishuka mguu ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho. Dramu zilichemka, joto likapita kwenye rimu na kufika kwenye ukingo wa tairi uliobanwa na rimu hiyo. Mpira uliochemshwa mara kwa mara huchoka kutoka ndani, na siku tairi likipasuka kwenye tambarare watu husingizia jua. Hata hivyo breki ya ekzosi nayo ina kikomo: inazuia kupitia matairi ya diffu peke yake. Siku ya mvua, hasa lori likiwa tupu, matairi hayo huweza kuteleza, na mzee wangu aliitumia kwa hadhari sana lami ikilowa.

Nilipokuwa dereva, kona za Kitonga zilinifundisha hesabu. Nguvu inayolivuta gari nje ya kona hukua kuliko mwendo unavyokua: ukiipita kona kwa kilometa 45 kwa saa badala ya 30, nguvu hiyo huwa zaidi ya mara mbili. Uzito mwingi huegemea matairi ya upande wa nje, nayo hulalia mabega yake na kusagika hapo. Kwa hiyo nilipunguza mwendo gari likiwa bado limenyooka, nikaingia kwenye kona bila breki, nikaanza kuvuta taratibu nilipoona mwisho wake. Ukikanyaga breki huku umekata usukani, tairi linadaiwa kazi mbili kwa wakati mmoja, na ndipo linapoanza kuburuzwa.

Kwenye yadi ubaya wa kona huonekana kwa macho. Tela la ekseli tatu likigeuzwa katika nafasi finyu, ekseli ya kati hufuata mzunguko, lakini ya mbele na ya nyuma huburuzwa kwa ubavu. Zege hubaki na michirizi myeusi, na ukiinama unaona chembe za mpira zimetapakaa. Niliwaomba madereva wachukue duara pana hata kama ni kuzunguka ghala zima, na wasikate usukani gari likiwa limesimama, kwani hapo matairi ya mbele husagwa mahali pamoja chini ya uzito wote.

Niliposimamia matairi, chombo changu cha kwanza kilikuwa kiganja, kisha geji ya kupimia kina cha kashata. Pitisha kiganja juu ya kashata kufuata mzunguko wa tairi, halafu kirudishe. Kama ni laini ukienda na inakwaruza ukirudi, kila kashata imekatika upande mmoja kama jino la msumeno. Mara nyingi hiyo ni kazi ya breki kali na kuondoka kwa pupa, au upepo mdogo. Sasa kipitishe kukatiza, kutoka bega moja hadi jingine. Makali yakiwa upande huo, tairi limekuwa likisukumwa ubavuni: angalia alaimenti kwanza, kisha mwendo wa kwenye kona. Na ukikuta bapa moja tu limelika kuliko kwingine, gurudumu hilo liliwahi kufunga na kuburuzwa. Tela tupu ndilo linaloongoza kwa kosa hili.

Nakumbuka malori mawili yaliyofungwa matairi mapya ya diffu ya aina moja, yenye kina cha milimita 16. Sisi tuliyatoa yakibaki na 4, kwa hiyo kulikuwa na milimita 12 za kutumia. Baada ya kilometa 20,000 lori la kwanza lilikuwa limepoteza milimita 2, la pili 3. Kwa mwendo huo la kwanza lingefika kilometa 120,000 na la pili 80,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya safari 20 za kwenda na kurudi Tunduma.

Kwenye lori la pili tulikagua upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, tukapima alaimenti, tukaangalia marekebisho ya breki; vyote vilikuwa sawa. Kiganja kilikuta meno ya msumeno kufuata mzunguko. Nikapanda na dereva wake hadi Iringa. Aliendesha akiwa amelibana lori la mbele, na kila tuta la Mikumi na la vijijini alilifikia kwa kasi kisha akafunga breki. Tukakubaliana aache nafasi ya kuhesabu taratibu hadi tano kati yake na gari la mbele, na aachie mafuta mara tu aonapo kibao cha tuta. Kilometa 20,000 zilizofuata zilikula milimita 2. Kashata ikishakuwa fupi hainyumbuki sana, kwa hiyo sehemu ya nafuu ilitokana na hilo, lakini kiganja kilionyesha meno yamepungua.

Barabara yenyewe nayo hula. Lami ya kokoto zilizochomoza husaga mpira haraka kuliko lami laini, na hapo dereva hana la kufanya ila kupunguza breki na kasi. Kwenye changarawe adui ni gurudumu linalozunguka bila kushika: kila mawe yanaporuka nyuma, vipande vya kashata vimekatika. Ondoka kwa gia nzito na klachi ya taratibu. Ukirudi kwenye lami, simama uchokoe mawe yaliyokwama kwenye mifereji na kati ya matairi pacha, kwani jiwe hujichimbia hadi kwenye nyuzi za chuma. Shimo lisilokwepeka punguzia mwendo mapema, kisha achia breki kabla ya kulikanyaga ili gurudumu libingirike ndani yake.

Upepo ukipanda mchana kwa joto usiupunguze. Likipoa tairi litakuwa na upungufu, na safari itakayofuata litachemka zaidi. Pima asubuhi, andika namba, na linganisha na ya juzi. Tairi linaloshuka peke yake kati ya pacha humwachia mwenzake mzigo wote, na hapo hata dereva mwenye mguu mwepesi atapoteza matairi mawili kwa kosa la moja.