Jinsi Tulivyojifunza Kumkatalia Mjerumani

Kiwanda cha minofu ya samaki hakiishi kwa samaki peke yake. Mbuta akishushwa ufukweni, akapimwa na kufikishwa kwenye meza za kukatia, yanahitajika visu vya chuma kisichoshika kutu, mizani, mashine ya kufungia minofu kwenye mifuko isiyo na hewa, na zaidi ya yote barafu, tani kwa tani, usiku na mchana. Nilipoajiriwa katika ofisi ya ununuzi ya kiwanda kimoja hapa Kisumu, sehemu kubwa ya vifaa hivyo ilitoka Ulaya, na vingi vilitoka Ujerumani. Kijerumani nilikianzia shuleni nikakiendeleza Goethe-Institut, Nairobi, ndiyo sababu nilipewa kabati la kotesheni za Wajerumani. Kuagiza ilikuwa kazi nyepesi. Iliyokuwa nzito ni kukataa.

Kwetu neno la kukataa halitamkwi waziwazi. Nenda Dunga asubuhi mitumbwi inapoingia, msikilize mnunuzi aliyetajiwa bei asiyoitaka. Hatasema hataki. Atasema, "Mama, narudi," na mwenye samaki atamgeukia mteja mwingine papo hapo, maana ameshaelewa kwamba huyu harudi. Hakuna aliyedanganywa wala aliyevunjiwa heshima. Adabu hiyo ofisi yetu iliisafirisha kwa faksi mpaka Hamburg na Bremen, na huko ilisomwa kama ahadi.

Nakala za faksi za miaka ya tisini nilizikuta zimehifadhiwa vizuri. Karibu kila jibu la kukataa lilikuwa na ukurasa mzima: shukrani kwa ofa, sifa za mashine, maelezo ya hali ya biashara, kisha sentensi ya mwisho kwamba tutawasiliana tena. Muuzaji wa Kijerumani akiisoma sentensi hiyo huandika tarehe kwenye kalenda. Wiki tatu baadaye anapiga simu. Asipopata jibu anaandika tena, safari hii kwa ukavu kidogo, kwa sababu amemtengea mteja nafasi kiwandani na sasa hajui aifanyie nini. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu, faksi za aina hiyo zilirundikana. Kiwanda hakikuwa na mapato, hakikuweza kununua chochote, lakini hakuna aliyewaandikia wauzaji neno moja la wazi. Tulinyamaza. Soko lilipofunguliwa tena na viwanda vikatakiwa kuonyesha usafi wao hatua kwa hatua, kutoka ufukweni mpaka kwenye boksi, tulilazimika kurudi kwa watu walewale tuliowanyamazia. Baadhi walitutaka tulipe bei yote kabla mashine haijatoka kiwandani kwao. Siwalaumu.

Barua pepe ilifupisha mambo, lakini si kwa siku moja. Mwanzoni mtandao ulikuwa wa kupiga simu, unakatika wakati wowote, na herufi za Kijerumani zilifika zimegeuka vijisanduku. Kwa muda mrefu niliandika `Gruessen` mahali pa `Grüßen`, mpaka nilipokariri namba za kibodi: ukishikilia Alt, 0252 inatoa ü na 0223 inatoa ß. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, barua ikawa inafika kabla hujaondoa mkono kwenye kipanya. Kasi hiyo ilikuwa na hatari yake, kwa kuwa jibu la haraka lililoandikwa kwa upole wetu wa kawaida lilimfikia mtu ambaye naye alijibu saa hiyohiyo.

Jambo lililobadilisha kabisa uandishi wetu lilitokea kabla sijashika kabati lile, na nilisimuliwa na mkurugenzi mwenyewe faili likiwa wazi mbele yetu. Muuzaji mmoja alileta ofa ya mashine ya kufungia minofu. Bei ilikuwa kubwa, na ofisi haikuitaka mashine hiyo. Lakini badala ya kukataa, iliandika kwamba ingeichukua kama bei ingepunguzwa kwa asilimia 10. Ilikuwa njia ya heshima ya kufunga mlango, kwa kuamini kwamba Mjerumani hatakubali. Mjerumani alikubali. Siku chache baadaye ilifika `Auftragsbestätigung`, yaani hati ya kuthibitisha kwamba agizo limepokelewa, pamoja na ankara ya malipo ya awali.

Wakili aliyeulizwa Nairobi aliwaeleza kwamba sheria ya kiraia ya Ujerumani haina utata hapo. Kwa kifungu cha 146, ofa inakufa ikikataliwa. Kwa kifungu cha 150, ukikubali ofa huku ukibadilisha masharti, umeikataa ile ya kwanza na papo hapo umetoa ofa yako mpya, ambayo mwenzako anaweza kuikubali ikakufunga. Sentensi ya asilimia 10 haikuwa kukataa, ilikuwa kuomba kununua. Aliongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: huko, mkishazungumza biashara na mfanyabiashara mwenzako akakuletea barua ya kuthibitisha mlichokubaliana, ukikaa kimya unaweza kuhesabiwa kuwa umeridhia. Kwa hiyo kunyamaza, ambako kwetu ni hapana ya adabu, kule kunaweza kugeuka ndiyo. Kiwanda kiliinunua ile mashine.

Nitaeleza kesi moja iliyokuwa mikononi mwangu, kwa sababu ndiyo niliyowaonyesha wote walioingia ofisini baada yangu. Tulihitaji mtambo wa barafu ya vipande vyembamba, ile inayomfunika samaki vizuri bila kumchubua. Ofa ya Wajerumani ilikuwa nzuri: mtambo imara, bei ya kufikisha Mombasa, malipo ya awali ya theluthi moja, na tarehe ya mwisho ya ofa imeandikwa chini. Niliipeleka kwa fundi wetu wa mitambo ya baridi, mtu aliyekuwa akilala kiwandani kila compressor ilipogoma. Aliisoma michoro kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akaniuliza, "Dada, hii ikizima Jumamosi usiku na samaki wako njiani kutoka Usenge, huyu mtu wa kuitengeneza anatoka wapi?" Anatoka Ujerumani, kwa gharama yetu. Muuzaji mwingine alikuwa na fundi Nairobi. Uamuzi ukawa umefanyika hapohapo, mbele ya mashine ya zamani iliyokuwa ikivuja maji miguuni petu.

Barua niliyoandika, ukiondoa jina la mwandikiwa, ilikuwa hii:

```
Betreff: Ihr Angebot vom 3. Mai – Scherbeneisanlage

Sehr geehrte Frau ...,

vielen Dank für Ihr ausführliches Angebot. Wir haben es
sorgfältig geprüft und müssen Ihnen leider absagen, da wir
uns für einen anderen Anbieter entschieden haben. Für uns
war entscheidend, dass ein Techniker innerhalb eines Tages
in Kisumu sein kann.

Für Ihre Mühe danken wir Ihnen.

Mit freundlichen Grüßen
```

Kwa kifupi inasema: asante kwa ofa yako ya kina, tumeichunguza kwa makini na kwa masikitiko tunaikataa, kwa kuwa tumemchagua mwingine, kilichoamua ni fundi kuweza kufika Kisumu ndani ya siku moja, asante kwa taabu uliyochukua. Basi. Kichwa cha barua kinataja ofa ipi na ya tarehe gani, ili akifungua faili lake ajue analifunga lipi. Sikitiko limetajwa mara moja tu, `leider`, maana likirudiwa linamfanya msomaji ashuku kwamba bado unabembelezeka. Hakuna `derzeit`, kwa sasa. Neno hilo linaonekana la upole, lakini linamwambia muuzaji arudi robo mwaka ijayo, na atarudi. Vitenzi vyote viko katika hali ya uhakika. Sikuandika kwamba tungependa au tungeweza.

Nililolifikiria kwa muda mrefu zaidi lilikuwa sababu. Bei nayo ilikuwa juu, na ningeweza kuitaja. Ila ukimwambia Mjerumani kwamba tatizo ni bei, umemwalika kuipunguza, na akiipunguza huna tena sababu. Sababu inayofaa ni ile ya kweli ambayo yeye hawezi kuibadilisha kwa kalamu. Fundi aishiye Nairobi hazaliwi kwa punguzo. Kama huna sababu ya namna hiyo, ni afadhali usitoe yoyote. Kusema umemchagua mwingine kunatosha, na kwao si ukali.

Hata hivyo aliandika tena baada ya siku mbili, na punguzo. Ni kazi yake, alikuwa na haki ya kujaribu. Hapa ndipo watu wetu huona haya na kuanza upya maelezo marefu, na kila maelezo mapya yanampa mahali pengine pa kushika. Nilimjibu kwa sentensi mbili baada ya shukrani: `Unsere Entscheidung bleibt bestehen. Bitte senden Sie uns zu diesem Vorhaben keine weiteren Angebote.` Uamuzi wetu unabaki, tafadhali usitutumie ofa nyingine kwa mradi huu. Maneno ya mradi huu yana uzito wake, kwa maana hayamfukuzi mtu, yanafunga jambo moja. Alijibu siku hiyohiyo, akashukuru kwa kupewa jibu la wazi, akaomba tumkumbuke siku tutakapotafuta vipuri. Miaka miwili baadaye tulimwandikia kweli, kuhusu visu vya mashine ya kutolea ngozi, na safari hiyo hakudai malipo ya awali.

Siku hizi mbuta amepungua, na viwanda kadhaa vya ufukwe huu vimefungwa. Wanaopokea ofa kutoka nje sasa ni watu wa namna nyingine: wafugaji wa ngege kwenye vizimba vya ziwani huko Siaya na Homa Bay, wanaoletewa bei za vyakula, nyavu na mashine za kupuliza hewa majini. Wengi ni vijana, wanaandika kwa simu, na baadhi wananiletea barua zao niziangalie. Naona wamerudi kwenye ile ahadi yetu ya zamani ya kuwasiliana tena.

Vitabu nilivyosomea vilinifundisha kuagiza bidhaa na kulalamika ikichelewa; barua ya kukataa nilifundishwa na faili. Walimu wa Kijerumani mlioko Kisumu na Nairobi, wapeni wanafunzi wenu barua hiyo mapema, waiandike mpaka iwatoke bila kutetemeka. Na wewe uliye na ofa ya Mjerumani mezani usiyoitaka, tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa chini yake, umjibu kabla haijafika.