Dadu Haina Deni Lako

Kwa ludo ya mtaani kwetu, bila sita kete yako haitoki nyumbani. Basi utapata msee amerusha mara kumi, hajaona sita, halafu anaweka soo mezani: "Sasa hii lazima ije." Wasee, tuongee. Hiyo "lazima" ndiyo inakula pesa zenu.

Niliacha kampasi kabla nimalize, lakini hii hesabu nilitoka nayo. Dadu ikiwa sawa, kila ukirusha una nafasi moja kati ya sita. Haikumbuki ulirusha nini jana, wala dakika iliyopita. Baada ya kukosa mara kumi, nafasi yako bado ni ile ile, moja kati ya sita. Sasa huyo jamaa akiweka soo ashinde soo, kwa wastani anapoteza karibu bob 67 kila mara. Kukosa kwingi hakujamnunulia kitu.

Lakini si wanasema sita huja baada ya kurusha mara sita? Ndio, kwa wastani. Tuite huo wastani E. Lazima urushe mara moja. Ukikosa, na utakosa mara tano kati ya sita, unarudi pale pale ulipoanza, na E nzima ikikungoja tena. Kwa hivyo:

E = 1 + (5/6)E

Toa (5/6)E pande zote mbili, unabaki na E/6 = 1. Yaani E = 6.

Shida ni watu kusikia "wastani ni sita" na kudhani ni ahadi. Chukua wachezaji 1296, kila mtu na dadu yake. Tukifuata hesabu, 216 wanapata sita mara ya kwanza. Wamebaki 1080, na moja kati ya sita ya hao ni 180, wanaipata mara ya pili. Mara ya tatu ni 150, ya nne 125. Jumlisha: 671. Zaidi ya nusu washatoka nyumbani kwa mara nne tu!

Mbona basi wastani ni sita? Kwa sababu ya wale wa nyuma. Baada ya kurusha mara 12, karibu 145 bado hawajaona sita. Baada ya 20, bado kuna kama 34. Hao wachache wanaongoja sana ndio wanaovuta wastani juu.

So ukikosa mara 20, usikimbilie kusema umerogwa ama dadu imechezewa. Watu wakicheza wengi, lazima kuna mtu itamfika. Na akiuliza amebakisha mara ngapi, jibu kwa wastani ni sita. Bado sita. Hata kama ameshakosa mara mia.

Kete icheze. Soo yako iweke mfukoni.