Zawadi kwa Mtu Mwenye Paka

Ukiwa na rafiki mwenye mtoto, zawadi haikusumbui. Mtoto mchanga unamnunulia khanga mama yake, anayesoma unamnunulia madaftari, maisha yanaendelea. Kazi ipo pale ambapo rafiki yako ni mtu mzima, mwenye heshima zake mtaani, na huyo mtoto ana mkia.

Mimi kazi hiyo niliipata nikiwa fildi Nanyamba, kule Mtwara. Kwa wasiopajua, Nanyamba ni mji wa korosho, maji yake ya kupigia hesabu na samaki wake wa kuletwa na bodaboda kutoka pwani. Tulikuwa wanachuo wanne tunafundisha shule moja, tukapanga vyumba viwili uani kwa mama mmoja fundi cherehani. Kiumri ni sawa na mama yangu mzazi, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, lakini jioni tulikuwa marafiki kabisa. Yeye anapiga cherehani, mimi nasahihisha madaftari, tunapiga stori mpaka umeme ukatike.

Na katikati yetu amelala Sharubu. Paka dume, rangi ya majivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi wa usiku. Mama Fundi hasemi "nafuga paka". Anasema "hapa tunaishi wawili". Dagaa wa Sharubu wananunuliwa kabla ya mboga ya nyumba. Mwanawe anayefanya kazi Dar akipiga simu, anaulizwa kama amekula, kisha yeye naye anauliza, "Mdogo wangu hajambo?" Wala hatanii.

Mtaani kulikuwa na maneno. Wengine walimtania kwa upendo, kule utani ni chakula. Lakini walikuwepo waliosema bila kucheka kwamba mwanamke anayeongea na paka usiku si bure. Mwenyewe aliyasikia na alikuwa hajibu. Kwa hiyo fildi ilipokaribia kuisha na sisi wanne tukaamua kumwachia zawadi, tulijua kwamba zawadi ya paka kwake inaweza kusomeka kama kejeli nyingine, safari hii kutoka kwa walimu.

Tulichanga elfu tano tano kutoka kwenye bumu lililobaki. Ikawa elfu ishirini. Ndipo mawazo yakaanza kumwagika.

Mwenzetu mmoja alitaka Sharubu ashonewe kigauni, apigwe picha. Hilo tulilizima palepale. Kigauni kingekuwa burudani ya simu zetu, na mama wa watu angebaki ametumika. Kwanza paka anajisafisha kwa ulimi mwili mzima. Ukimvalisha nguo umemfungia bafu.

Wazo la pili lilikuwa na sura nzuri zaidi: maziwa. Paka na maziwa, nani asiyejua? Sote tumekua na picha hiyo vichwani. Kumbe mtoto wa paka ndiye anayemudu maziwa, na tena ya mama yake. Akishaachishwa kunyonya, tumbo lake linapunguza kutengeneza kile kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na paka wengi wakubwa hubaki nacho kidogo sana. Sukari isiyovunjwa inafika utumbo mpana, inavuta maji, inachacha, na matokeo yake unayakuta nyuma ya mlango asubuhi. Atayanywa kwa furaha zote, ndiyo, lakini mtu wa kufagia ni Mama Fundi, kwenye mji ambao ndoo ya maji ina bei.

Dagaa tungeweza kununua, ila hao alikuwa akiwapata kila siku na alishajua kuwaandaa. Anawaloweka kutoa chumvi, anawachemsha, anachanganya na ugali kidogo. Kuchemsha kuna faida ambayo mwenyewe hakuwa akiitaja: baadhi ya samaki wadogo wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao kila siku anaweza kufika mahali akapepesuka kama mlevi. Moto unakiua kitu hicho. Na ugali mtupu nao haumtoshi, paka lazima apate nyama au samaki. Kwa hiyo jikoni kwa Sharubu hatukuwa na la kuongeza.

Wazo la tatu ndilo lililonitoa jasho. Mwenzetu mwingine alikwenda duka la dawa za mifugo akarudi na kopo la unga wa viroboto, kwa sababu kweli Sharubu alikuwa anajikuna. Muuzaji alimwambia ni wa mbwa lakini "mnyama ni mnyama". Tukalisoma kopo pamoja kwenye mwanga wa simu, na dawa iliyokuwa ndani ilikuwa permethrini. Kwenye makopo jina hilo huandikwa Kiingereza, kwa hiyo halina ile "i" ya mwisho. Ukiliona, usimpake paka.

Sababu iko kwenye ini. Ini la mbwa linaivunja dawa hiyo na kuitoa. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kazi hiyo, hivyo dawa inabaki mwilini na kuvuruga mishipa ya fahamu. Na paka haishii kuivuta kwenye ngozi, anailamba pia. Baada ya saa kadhaa, au hata siku ya pili, masikio na uso vinaanza kucheza, mate yanatoka, anatembea akiyumba, kisha mwili mzima unatetemeka mpaka degedege. Wengine hufa. Kama mtu ameshampaka, aoshwe upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akaushwe, na apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo bila kusubiri aanze kutetemeka. Panadoli ni hivyohivyo: kidonge kimoja cha mtu kinaweza kumuua paka.

Kopo lilirudishwa dukani. Badala yake tulinunua chanuo la chawa, lile la meno ya kubanana, kwa bei ya soda. Kila jioni Mama Fundi alimchana Sharubu, akitumbukiza viroboto kwenye kopo la maji ya sabuni, na tandiko lake likafuliwa na kuanikwa kwenye jua kali la mchana. Lakini chanuo si zawadi ya kuagia mtu.

Zawadi yenyewe tuliipata kwa kuuliza. Nilimwendea afisa mifugo nikamuuliza: paka mwenye afya, anayekula vizuri, anakosa nini hapa kwetu? Alijibu kwa neno moja. Chanjo.

Alikuwa na maana ya kichaa cha mbwa, ambacho jina lake linadanganya. Hakichagui mbwa. Paka anayezurura usiku akang'atwa na mbwa mgonjwa anakipata, na huku kusini hata mbweha wa porini wanakisambaza. Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoingizwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioanza mwaka 2010, lakini watoto wa mbwa na wa paka wanazaliwa kila mwaka, na kinga ya waliotangulia haiwahusu. Mtu akishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna kupona. Ndiyo maana aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Sharubu analala miguuni kwa Mama Fundi. Mkipiga hesabu, sindano moja ya paka ni zawadi ya watu wawili.

Ila ilikuja na mkwamo. Chanjo aliyokuwa akiitumia afisa ilikuja kwenye kichupa cha dozi 10. Inatunzwa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kikishafunguliwa lazima kiishe siku hiyo. Kufungua dozi 10 kwa paka mmoja ni kumwaga 9. "Mwalimu, nitafutie wanyama kumi," akasema, "nakuja mwenyewe."

Wanyama kumi! Mimi nilikuwa na mmoja, tena si wangu.

Nikaona bora Mama Fundi aambiwe mapema kuliko kushtukizwa. Alinyamaza kidogo, akashusha mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Kwa hiyo mwanangu, unataka nikaombe mbwa kwa wale wanaonisema?" Nikamwambia nitaomba mimi. Akakataa. Aliomba mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba kwa siku mbili na ujumbe mfupi: walimu wanalipia chanjo, Jumamosi, uani kwangu, wanyama kumi tu. Kile "kumi tu" ndicho kilichofanya kazi. Bei aliyotutajia afisa ilitosha kwenye elfu ishirini yetu na ikabaki nauli yake.

Jumamosi walikuja mbwa saba wa kulinda mashamba ya korosho, wamefungwa kamba za katani, na paka watatu akiwemo Sharubu. Mbwa hawakusumbua sana. Paka mmoja aliletwa mikononi tu, akaona mbwa, akapanda paa, akachelewesha shughuli saa nzima. Sharubu tulikuwa tumemnunulia tenga lenye mfuniko, akakaa humo gizani ametulia. Zamu yake ilipofika Mama Fundi alimfunga kwenye khanga kuukuu, kichwa nje, miguu yote ndani, kama mtoto anayebebwa kliniki. Afisa akavuta ngozi ya juu ya bega, akachoma. Sharubu alitoa mlio mmoja wa kulalamika.

Afisa alituonya kwamba kinga inahitaji wiki tatu mpaka nne kujijenga, na kwamba chanjo haimponyi mnyama ambaye ugonjwa umeshamwingia. Halafu akaandika kadi. Kuna nafasi ya jina la mwenye mnyama na nafasi ya jina la mnyama. Kwa wale mbwa saba alikuwa akiandika "mbwa, kahawia", "mbwa, mweusi", maana wenyewe waliona aibu kutaja jina mbele za watu, au majina hayakuwepo. Mama Fundi akataja: "Sharubu." Afisa akaandika bila kuinua macho. Mzee mmoja, ambaye nilishamsikia kwa masikio yangu akisema habari za uchawi, akageuka na kumwambia afisa arudie kadi yake. Mbwa wake anaitwa Simba.

Kadi ya Sharubu imebandikwa ukutani juu ya cherehani, pembeni ya kalenda. Ina tarehe ya kurudia, mwaka mmoja mbele. Mama Fundi alinipigia mwezi uliopita kusema ameshaanza kuandikisha na amefikisha wanyama sita. Sisi wanne tumekubaliana elfu tano tano tena, bumu likiingia. Wamebaki wanne.