Mistari miwili haisemi kwamba yai limetoka

Mama mmoja aliyekimbia Masisi na sasa anaishi Goma alinunua vijiti vya kupima mkojo kwenye farmasi, vile vinavyotafuta siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba. Siku ya 12 tangu hedhi ianze, mstari wa kipimo ulikolea kabisa. Yeye na bwana wake wakafurahi. Siku ya 13, 14 na 15 ukaendelea kukolea. Siku ya 23 ukarudi tena. Mimba haikuja, na hedhi ilimfikia siku ya 52.

Kijiti hakikuwa kibovu. Kazi yake ni kunasa homoni inayoitwa LH, ambayo hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Ndani ya kijiti mna chembe zenye rangi zinazoishika LH iliyo kwenye mkojo na kuibeba hadi kwenye mstari wa kipimo. Homoni ikiwa nyingi, mstari unakolea. Kwa wanawake wengi LH hukaa chini siku zote, kisha hupanda ghafula, na yai hutoka baada ya saa 24 hadi 36 hivi. Ndiyo maana mstari hafifu hapa ni hapana, tofauti na kipimo cha mimba: lazima ulingane na ule wa pili au uuzidi.

Lakini kijiti hakioni yai. Kinaona amri tu, si kama amri imetiiwa. Mwenye tatizo la ovari zenye vifuko vingi vidogo mara nyingi ana LH iliyo juu wakati wote, hivyo mstari hukolea bila kupanda kokote. Tena mwili unaweza kujaribu, LH ikapanda, yai lisitoke, halafu ujaribu upya wiki zinazofuata. Hedhi yake mwenyewe inayochelewa hivyo ilikuwa tayari dalili, ingawa kwa waliokimbia njaa na mahangaiko navyo huvuruga hedhi, kwa hiyo dalili moja haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa.

Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia apime joto kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto kidogo, kama nusu digrii au pungufu, na linabaki juu hadi karibu na hedhi. Lake lilizunguka 36.3 na 36.4 mwezi mzima, hata baada ya mistari iliyokolea. Kisha akatolewa damu siku 7 baada ya mstari kukolea, na projesteroni ikaonekana iko chini sana: yai halikuwa limetoka. Sasa anangojea ekografia, na daktari amemwambia zipo dawa za vidonge za kusaidia yai kukomaa na kutoka. Vijiti vilivyobaki amempa jirani yake, ambaye hedhi yake huja kila siku 28.