Shuka Sabini na Mbili

Marehemu babu yangu alikuwa mpagazi katika njia ya misafara, wakati ambapo reli ilikuwa haijaufikia mji wetu wa Tabora, na alikuwa akinihadithia kwamba kila jioni, mizigo ilipotuliwa, mnyapara aliipitia mmoja mmoja kabla ya moto wa chakula kuwashwa, akitaka kuuona kila mzigo kwa macho yake na kumjua aliyeuchukua siku ile. Sikuyatilia maanani maneno hayo hadi mwaka 1981, nilipoajiriwa kuwa mtunza ghala katika nyumba ya wageni yenye vyumba 12, mwendo mfupi kutoka stesheni, nikakabidhiwa daftari, kabati na funguo zake.

Siku hizo bidhaa zilikuwa adimu katika nchi yetu, na shuka likipotea halikupatikana jingine kwa kwenda dukani tu, hata ukiwa na fedha mkononi. Kila chumba kilikuwa na kitanda kimoja, na kila kitanda kilihitaji mashuka mawili. Na kwa kuwa fungu moja huwa vitandani, la pili kwa dobi na la tatu kabatini likingoja zamu yake, nyumba yetu ilipaswa kuwa na mashuka 24 mara tatu, yaani 72. Mafungu hayo matatu yalitutosha wakati wa kiangazi, ambapo nguo iliyoanikwa asubuhi hukunjwa adhuhuri. Ama zikianza mvua za Novemba, nguo hukaa kambani siku mbili, na hapo ndipo kabati huwa tupu na mhudumu hujaribiwa kuchukua shuka la chumba kimoja akatandike kingine bila ya kuandika.

Nyuma ya mlango wa kila chumba palikuwa na karatasi yenye orodha: mashuka 2, foronya 2, blanketi 1, chandarua 1, taulo 1, kioo, pazia, balbu, ndoo, kopo na ufunguo. Kila asubuhi mhudumu alipita na kalamu, akaweka alama ya vema mbele ya kila kitu, na jioni karatasi zile zikaletwa kwangu. Niliziona kuwa ithibati tosha, na hapo ndipo lilipokuwa kosa langu.

Jumamosi moja nilipofanya hesabu ya mwisho wa mwezi niliona vitandani mashuka 24, kabatini 25, na katika daftari langu la dobi 20, jumla 69. Matatu hayakuonekana. Mwenye nyumba, kwa hasira ya uhaba uliokuwapo, aliamuru mshahara wa binti mhudumu ukatwe, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeingia vyumbani zaidi kuliko mtu mwingine. Binti yule alikuja kwangu, akapiga magoti akaniamkia shikamoo, akasema, “Baba, mimi sikuchukua. Nitazamie tena kitabu.” Sikuwa na la kumjibu, kwa maana alama zake za vema zilikuwa kamili siku zote, nami sikujua kama zilimtetea au zilimhukumu.

Usiku ule nililaza karatasi za wiki nzima juu ya meza, kando ya taa ya chemli, nikalifuata kila shuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kama mnyapara afuatavyo mzigo. Nikaona kwamba katika chumba cha 9 siku ya Jumatano alama ya vema ilikuwapo, lakini wino wake ulikuwa tofauti na wino wa siku ile, nikafahamu kuwa iliwekwa kesho yake kwa mazoea. Nilipomwuliza mhudumu wa zamu ya usiku alikumbuka kuwa shuka moja la chumba kile lilitobolewa na dawa ya mbu ya kuchoma, naye alilichana akafanya matambara ya kufutia sakafu. Matambara yenyewe yalikuwa bado stoo, na pindo la mojawapo lilikuwa na alama ya nyumba yetu. Hilo likawa moja.

Kulipopambazuka nikaenda kwa dobi. Mzee yule, mtu wa hadhari, alikuwa akichora mstari mmoja ukutani kwa kila nguo aliyopokea, na mistari ya mashuka yetu ilikuwa 22. Mimi nililihesabu furushi lilipokuwa mlangoni, nikaandika 20, kisha mhudumu akaongeza mashuka mawili ya mgeni aliyechelewa kutoka, na furushi likafungwa bila ya kuhesabiwa tena. Basi 24 na 25 na 22, na moja lililochanwa, jumla yake ni 72. Hakuna aliyeiba, na mshahara wa binti ukarejeshwa.

Tangu siku ile niliifuta alama ya vema katika karatasi zangu, nikataka iandikwe tarakimu, kwa sababu mtu anaweza kuweka alama akiwa amesimama kizingitini, lakini hawezi kuandika 2 kwa yakini pasina kukunjua nguo. Furushi la dobi lilihesabiwa na watu wawili, kila mmoja mbele ya mwenzake, kabla halijafungwa fundo la mwisho, wote wakatia sahihi. Shuka lililochakaa halikuchanwa kabla pindo lake halijakatwa na kuletwa kwangu. Na katika pindo la kila shuka tulishona kwa uzi mwekundu alama ya nyumba na mwaka wa kuanza kutumika, kwa kuwa wino wa muhuri hufifia kwa kuloweka na kuchemsha, ilhali uzi hudumu.

Vifaa visivyotoka chumbani vilikuwa na hila yake. Balbu haipotei aghalabu, huazimwa. Chumba chenye mgeni kikikosa taa, mhudumu huitoa ya chumba kitupu na kuweka mahali pake ile iliyoungua, hata ukihesabu unakuta balbu 12 kamili na mwanga 11. Kwa hiyo taa ilibidi iwashwe, bomba lifunguliwe na kufuli lijaribiwe, maana hesabu ya vitu hivi ni ya uzima wake wala si ya idadi.

Yaliyotushinda yalikuwa ya treni. Abiria wa Kigoma na Mwanza waliamshwa na honi usiku wa manane, wakaondoka mbio, na chumba hakikuweza kukaguliwa mbele yao. Taulo lililochukuliwa saa hiyo, kwa makusudi au kwa kusahau, lilikuwa limekwenda. Tulichoweza ni kukifunga chumba ufunguo ulipopokelewa na kukikagua alfajiri kabla ya mtu mwingine kuingia, ili lawama isimwangukie asiyehusika.

Na taarifa ya kitu kisichoonekana niliipa maswali manne tu: ni kitu gani na cha chumba kipi, nani alikihesabu mara ya mwisho na saa ngapi, nani aligundua kwamba hakipo, na baina ya saa hizo mbili kilipita mikononi mwa nani. Neno “kimeibwa” sikuliruhusu liandikwe, bali “hakikuonekana,” kwa sababu la kwanza ni hukumu, na la pili ndilo tunalolijua.

Nawe uliyekabidhiwa kabati la watu, kabla hujamkata mtumishi wako mshahara, nenda kwanza ukahesabu mistari ya dobi.