Ndengu za Kitui na jaribio la t

Rafiki yangu anayekusanya takwimu za mavuno Kitui na Makueni aliambiwa atupe kazi yake yote. Eti makosa ya rigresheni yake hayana umbo la kengele, kwa hiyo jaribio la t ni batili. Alitaka kujua kama kaya zinazotumia bwawa la mchanga huvuna ndengu zaidi. Mimi nasema asitupe kitu, na sababu ni hii.

Ni kweli mavuno ya ukame hayafanani na kengele. Mvua ikiwa haba, wengi hupata gunia moja au hata hilo wakose, na wachache wavune kumi. Mchoro unakuwa na rundo kushoto na mkia mrefu kulia.

Lakini jaribio la t halipimi kosa la kaya moja. Linapima mteremko, na ndani ya mteremko makosa yote hujumlishwa, kila moja kwa uzito wake. Tuseme kaya ni 400: 200 zina bwawa, 200 hazina. Mteremko ni wastani wa kundi moja kutoa wa lingine, na kila kaya ina uzito wa 1/200 tu. Aliyevuna magunia kumi hawezi kuuvuta peke yake. Nadharia ya kikomo cha kati inasema jumla ya namna hii hukaribia kengele, hata kama kosa mojamoja limepinda. Jaribu mwenyewe kwenye R:

```r
n <- 400
x <- rep(0:1, each = n/2)
b <- replicate(5000, {
  y <- rexp(n)
  coef(lm(y ~ x))[2]
})
hist(b)
```

`rexp` hutoa namba zenye mkia mrefu, lakini mchoro wa `b` ni kengele safi.

Sasa badilisha mstari wa pili:

```r
x <- c(1, rep(0, 399))
```

Kaya bado ni 400, ila moja tu ndiyo yenye bwawa. Kosa lake linaingia kwenye mteremko zima zima, na mkia unarudi. Ukipima kwa kiwango cha asilimia 1, matokeo ya uongo yanakaribia asilimia 3. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa sampuli peke yake. Angalia `hatvalues()` ya modeli yako. Kaya yenye namba iliyo karibu na 1 inabeba mzigo peke yake.

Jambo la pili ni majirani. Mvua ikiruka kijiji, wote wanakosa pamoja. Kaya 400 kutoka vijiji vinane zinaweza kukupa habari ya vitu vinane tu, na vinane havitoshi kutengeneza kengele. Hapo hesabu vijiji, si kaya.

Rafiki yangu ana vijiji vingi, na makundi yake mawili yanakaribiana kwa idadi. Kwa hiyo mkia wa ndengu zake si sababu ya kutupa kazi.